Kipa wangu wa miaka 11 hataki tena kukaa golini, na nadhani sababu ni mimi. Zile dakika za baada ya filimbi mnazifanyaje?

KochaWaJioni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau.

Nafundisha watoto wa chini ya miaka 12. Tunacheza tisa kwa tisa, dakika 25 kila kipindi. Jumamosi iliyopita tulikwenda mapumziko tukiongoza 2–0. Kipindi cha pili wenzetu wakarudisha la kwanza, wakarudisha la pili, na zikiwa zimebaki sekunde chache ukaja mpira wa polepole, mpira ambao kipa wangu anaudaka kila siku mazoezini, ukampita chini ya mkono. 3–2. Tulianzisha katikati, refa akapuliza ya mwisho.

Sikupiga kelele. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo nililokuwa najivunia nikirudi nyumbani, kwamba sikumgombeza mtu. Ila nilikuwa na ubao wa kupangia timu mkononi. Nikaubwaga chini, nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikageukia upande mwingine. Usiku mke wangu, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya goli letu, akaniambia kitu ambacho hakijanitoka mpaka leo. Alisema yule mtoto alipofungwa hakugeuka kuutazama mpira wavuni. Alinitazama mimi.

Baada ya mechi niliwakusanya nikaongea nao kama dakika 12 juu ya umakini. Nikauliza, "Kwa nini tumepoteza mechi ambayo tulishaishika?" Kimya. Nikajibu mwenyewe.

Jumanne kipa hakuja mazoezini. Alhamisi alikuja, akaniambia anataka kucheza mbele, golini hataki tena.

Ninachoomba ni uzoefu wenu. Kati ya filimbi ya mwisho na mtoto kuondoka uwanjani mnafanya nini hasa? Na huyu kipa nimrudie vipi?

---

KonaFupi

Pole kocha. Kuongoza 2–0 na watoto kunahitaji mpango. Ukishafika mapumziko na mabao mawili, ongeza beki mmoja, toa mshambuliaji, waambie viungo wasivuke katikati. Pia mfundishe kipa kuchelewesha mipira. Mimi msimu uliopita tulilinda uongozi hivyo mechi nne mfululizo.

---

KochaWaJioni

Asante KonaFupi, hilo nitalifikiria kwa upande wa mchezo. Ila swali langu ni la baada ya mechi. Hata tukijifunza kulinda, kuna siku tutafungwa tena, na nisingependa kipa mwingine anitazame vile.

---

FilimbiNdefu

Kocha, unalibeba zito mno. Hawa ni watoto. Mimi timu yangu ikifungwa natabasamu, nawapigia makofi, nawaambia mpira ni mchezo tu, hakuna aliyeshindwa leo, wote mmejitahidi sana. Dakika moja imeisha, kila mtu kwao. Ukianza kuwakalisha na kuwahoji ndiyo unawakumbusha maumivu. Mtoto anasahau haraka kuliko mtu mzima, shida ni sisi tunaowakumbusha.

---

MzeeWaKoni

KochaWaJioni, hongera kwa kuliandika hilo la ubao. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka ishirini na najua makocha wengi wangeliruka wakaanza moja kwa moja na kosa la kipa.

Nianze na mwili wako, maana mazungumzo yoyote utakayofanya baadaye yatakuwa juu ya kile ambacho mwili ulishasema. Mtoto akikosea hajui bado kosa lake ni kubwa kiasi gani. Anatafuta kipimo, na kipimo chake ni uso wa mtu mzima anayemwamini. Ndiyo maana alikutazama wewe badala ya mpira. Akakuta mgongo. Wewe unasema hukumgombeza, na ni kweli, lakini kugeuka ni jibu. Kwa mtoto wa miaka 11 "kocha ameshindwa hata kunitazama" ni neno zito kuliko "mbona umeachia mpira ule."

Utulivu haupatikani kwa kujiambia "tulia" wakati damu imeshapanda. Mimi huwa naupanga kabla ya mechi, kama ninavyopanga nani ataanza. Najipa kazi tatu za filimbi ya mwisho na nazifuata kwa mpangilio uleule tukishinda na tukishindwa. Kwanza mikono ishuke, isiwe kiunoni wala kichwani, na isishike kitu chochote. Ubao namwachia mtu wa benchi dakika tano kabla ya mwisho. Pili natembea, sikimbii, kwenda kumpa mkono kocha mwenzangu na refa. Ule mwendo wa hatua arobaini au hamsini ni wangu mimi, pumzi inarudi humo. Tatu naingia uwanjani kwa watoto, na hapa wengi wanakosea hata wakiwa na nia njema. Usimkimbilie moja kwa moja aliyekosea. Ukimkumbatia kipa kwanza, mbele ya wote, umeshawaonyesha wenzake na wazazi wote nani kasababisha. Anza na aliye karibu, mguse bega, nenda kwa wa pili, kipa awe wa nne au wa tano, mpe mkono uleule na muda uleule. Ukifika kwake mwangalie usoni. Usiseme "usijali." Sema jina lake na "nipo hapa," inatosha.

Baada ya hapo hakuna mazungumzo kwa dakika tano. Wanywe maji, wakimbie polepole kutoka mstari hadi mstari mara mbili, wanaolia walie. Mtoto anayehema bado na machozi yako karibu hasikii swali, anasikia sauti tu. Utajua wako tayari pale wawili watatu wanapoanza kusukumana au kuzungumza jambo jingine kabisa. Hiyo ndiyo ishara yangu, wala siangalii saa.

Kinachofuata ni duara, pale ninapokaa na watoto kuzungumza. Hilo nitaliandika baadaye kidogo, nina mazoezi sasa hivi.

---

MamaWaPili

Naomba kuingia ingawa mimi si kocha wala sijui mpira wa miguu. Binti yangu anacheza tenisi ya meza, ana miaka 12. Kule hakuna wa kugawana naye lawama, ukishindwa umeshindwa peke yako.

Kocha wake ni mtulivu sana, sina neno naye. Aliyekuwa tatizo ni mimi. Nilikuwa namwuliza maswali kuanzia mlangoni mwa ukumbi mpaka nyumbani. Nilidhani namsaidia kutafakari. "Ulihisije? Ile seti ya pili ilikuwaje? Kesho utafanya nini tofauti?" Maswali mazuri tu kwa maneno yake. Akawa anajibu "sijui," halafu akaanza kusinzia njiani kila tukitoka mechini. Siku moja nikamwangalia kwenye kioo nikaona amefumba macho lakini vidole vinachezea zipu ya begi. Alikuwa hajalala. Alikuwa anajificha.

Siku hizi nikimpokea namwuliza kama ana kiu, basi. Nimekaa kimya mechi nne sasa. Mara mbili hakusema chochote. Mara mbili alinianzishia mwenyewe usiku, taa imeshazimwa, akasema mengi ambayo nisingeyapata kwa swali lolote. Kwa hiyo kocha, waambie na wazazi. Unaweza kufanya kila kitu vizuri uwanjani na sisi tukakiharibu njiani.

---

NambaSita

Shikamoo Mzee wa Koni. Nakubaliana nawe juu ya mwili, sikubaliani na duara siku ya mechi. Mimi nina vijana wa miaka 15. Zamani nilikuwa nawakalisha baada ya mechi, na kila mara kikao kiligeuka mahakama. Mtu ana hasira, unamwuliza nini kilitokea, anataja jina la mwenzake. Yule naye anajibu. Ukitahamaki umeondoka na timu mbili badala ya moja.

Sasa nikifungwa nasema sentensi moja: "Inauma, tukutane Jumatatu." Jumatatu ndiyo tunakaa, vichwa vimepoa, na mimi mwenyewe nimeshaacha kuhukumu kwa hasira. Naona ni salama zaidi.

---

MzeeWaKoni

Marahaba NambaSita. Kwa vijana wa miaka 15 huenda una haki na sitakubishia kwa nguvu. Lakini kwa wa miaka 10 au 11 nimeona kitu kingine. Ukiwaacha wakaondoka bila neno, hawabaki bila hadithi. Wanaitunga wenyewe njiani, na hadithi ya mtoto aliyekosea huwa fupi: "tumefungwa kwa sababu yangu." Hadi siku ya mazoezi imeshakauka. Kipa wa KochaWaJioni alikuwa na siku tatu peke yake na hadithi hiyo, na mazoezi ya Jumanne ndiyo hakuja.

Kwa hiyo silitumii duara kuchambua mechi. Uchambuzi uende siku ya mazoezi kama unavyosema. Duara lina kazi moja, kwamba mtoto asiondoke na hadithi ile peke yake.

Ninavyolifanya: dakika tano, sizidishi. Wanakaa chini, nami nakaa chini pamoja nao, sisimami juu yao. Jua liwe nyuma yao linipige mimi usoni, maana mtoto anayekunja macho kwa jua anaonekana amenuna na mimi naanza kumsoma vibaya. Wazazi wawe mbali kiasi cha kutosikia. Hilo nawaambia mwanzo wa msimu, siku ya kufungwa ni kuchelewa.

Naanza na sentensi yangu moja: "Imeuma. Hata mimi imeniuma." Nasema kwa sauti ya kawaida. Wengi wanaficha hili wakidhani ndiyo utulivu, lakini watoto wanaona taya lilivyobana, kisha wanasikia mdomo ukisema kila kitu ni sawa, wanajifunza kwamba kufungwa ni kitu cha kutisha mpaka kocha anadanganya. Kocha mtulivu anaonekana kuumia na bado anaonekana yuleyule.

Halafu maswali matatu. La kwanza: "Kipi tulikifanya leo ambacho mngependa tukifanye tena?" Najibiwa na wawili watatu. Kama wanasema "hakuna," sibishani, nangoja. Ninahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mtu mzima akiona kimya cha sekunde tatu anadhani imekuwa saa nzima na anakijaza kwa hotuba. Ndicho kilichokupata, kocha. Uliuliza, hukungoja, ukajibu.

La pili: "Wakati gani ulikuwa mgumu kwetu?" Angalia maneno. Nimesema wakati, sijasema nani. Na sijasema kwa nini. "Kwa nini" ikitoka kwa mtu mzima baada ya kufungwa mtoto haisikii kama swali, anaisikia kama mashtaka, na jibu la mashtaka ni kujitetea au kumtaja mwingine. Nadhani ndiyo ile mahakama ya NambaSita. Ukiuliza wakati, wanakujibu "walipofunga la pili tukaacha kuongea," kitu ambacho ni cha timu nzima na kinafanyiwa kazi.

La tatu: "Tuchukue kitu gani kimoja kwenda nacho Jumanne?" Kimoja. Wakitaja vinne wachague. Na Jumanne lazima wakikute kwenye mazoezi, dakika za mwanzo kabisa. Usipokitumia, mara ya tatu au ya nne hawatakujibu tena, na watakuwa na haki.

FilimbiNdefu, naomba usikasirike. Upo sahihi kwamba maneno yawe machache na sura isiwe ya msiba. Ila "hakuna aliyeshindwa leo" watoto hawaiamini, wameyahesabu mabao wenyewe. Na "mmejitahidi sana" inategemea umri. John Nicholls aliandika mwaka 1978 juu ya namna watoto wanavyotenganisha juhudi na uwezo. Mdogo wa miaka sita au saba anaona ni kitu kimoja, aliyejitahidi ndiye anayeweza, kwa hiyo sifa hiyo inampendeza. Akikaribia 12 ameshavitenganisha. Mwambie "umejitahidi sana" baada ya kufungwa na anaweza kusikia "uwezo wako ndio umeishia hapo." Kwa umri huo taja kitendo alichokifanya: "Ulirudi kukaba dakika ya mwisho wakati umechoka, nilikuona."

---

FilimbiNdefu

Sijakasirika mzee. Hilo la umri sikulijua, na wangu wengi wana miaka 7 na 8, labda ndiyo maana kwangu linafanya kazi. Bado naona dakika tano za maswali kwa wadogo ni nyingi.

---

MzeeWaKoni

Kwa miaka 7 ni nyingi, kweli. Kwao nauliza swali moja tu, la kwanza, na wanajibu wakiwa wamesimama. Dakika moja na nusu.

---

NambaSita

Mzee, kuna ushahidi wowote kwamba haya yanabadilisha kitu zaidi ya hisia zetu sisi makocha? Nauliza kwa heshima. Viongozi wa timu yangu wanapima matokeo.

---

MwalimuWaViungo

Naomba nijibu hilo, ndiyo eneo nililosomea. Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington walifanya kazi ndefu na makocha wa besiboli ya watoto. Waliweka waangalizi wakirekodi anachofanya kocha mtoto anapopatia na anapokosea, kisha wakawafundisha baadhi ya makocha kutia moyo na kuelekeza badala ya kuadhibu. Mafunzo yenyewe yalichukua saa chache tu. Mwaka 1992 Smith, Smoll na mwenzao Barnett walichapisha kilichotokea msimu uliofuata: kwa makocha ambao hawakufundishwa, asilimia 26 ya watoto hawakurudi kucheza. Kwa waliofundishwa, asilimia 5.

Kwa viongozi wako, NambaSita: ushindi haukutofautiana kati ya makundi mawili. Kwa hiyo usiwaahidi vikombe. Waambie tu kwamba watabaki na watoto wa kufundisha. Na katika kazi zao hizo, walioguswa zaidi na mwenendo wa kocha ni watoto wenye kujiamini kidogo. Yule anayechangamka hata akifungwa kumi si kipimo kizuri cha kazi yako.

Nitaongeza tahadhari moja. Utafiti ule ulihusu mwenendo wa kocha msimu mzima. Haukupima duara la dakika tano peke yake. Duara zuri halifuti kocha anayefoka dakika 50 zilizotangulia.

---

KochaWaJioni

Nimesoma yote mara mbili, asanteni. Mzee wa Koni, kuhusu kipa. Nimfuateje? Nilifikiria kumwonyesha kwamba goli lile halikuanzia kwake, beki wa kulia alipoteza mpira na kiungo hakurudi.

---

MzeeWaKoni

Usianze na hilo. Ukimwambia lilianzia kwa beki umehamisha mzigo tu, na watoto ni marafiki, jioni yake beki atajua. Tena yeye si mjinga. Anajua mpira ulimpita yeye.

Anza na lako. Mtafute kabla ya mazoezi, mahali ambapo wenzake wanawaona lakini hawawasikii, ukiwa na kazi mkononi, kama kupanga koni, ili asihisi ameitwa. Mwambie: "Jumamosi nilibwaga ubao na nikageuka. Lilikuwa kosa langu. Nilikasirikia matokeo, sikukukasirikia wewe, lakini wewe ungejuaje." Halafu nyamaza. Usiongeze "sasa rudi golini," maana ukiongeza, radhi yako inakuwa bei ya kumnunua.

Akitaka kucheza mbele, mpe acheze mbele. Mwulize tu angependa iwe hivyo hadi lini, kisha mje muongee tena. Akija mwenyewe kuuliza juu ya ule mpira, hapo ndipo ufundi unaingia: goti moja likaribie ardhi kuziba mwanya, mwili uwe nyuma ya mpira, vidole vidogo vya mikono vikutane chini, mpira upandishwe hadi kifuani. Mpe kumi za polepole, anazozipata zote, ndipo uongeze kasi. Asipokuja kuuliza usimletee.

---

MamaWaPili

Hilo la kutoongeza chochote baada ya radhi limenigusa. Mimi huwa naomba radhi kisha naongeza "lakini na wewe…"

---

KochaWaJioni

Wadau, narudi na majibu. Zimepita wiki mbili.

Nilimwomba radhi kipa tukipanga koni. Hakunijibu. Aliendelea kupanga, koni mbili tatu, kisha akasema, "Nilidhani utanitoa kwenye timu." Nilikosa la kusema. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba alifika huko.

Jumamosi tumefungwa tena, 1–0, kwa kona. Ubao nilishamwachia mtu wa benchi. Mikono niliiweka nyuma kwa sababu sikujua niipeleke wapi, nadhani nilionekana kama askari, lakini nilitembea, nikampa mkono mwenzangu, nikaingia kwa watoto. Kwenye duara mambo yalikuwa hivi, naandika ninavyokumbuka.

Nikasema imeuma. Nikauliza kipi wangependa tukifanye tena. Kimya. Nikahesabu, nikafika nane, na nakiri jasho lilinitoka. Namba saba akasema, "Tulipiga pasi nyingi kutoka nyuma." Mwingine akasema, "Tulikuwa tunaongea leo." Nikauliza wakati gani ulikuwa mgumu. Namba nne akajibu palepale, "Kona! Kwa sababu huyu hakumkaba mtu wake," akamwonyesha mwenzake kwa kidole.

Mzee, hapo nilikwama. Zamani ningesema "tusilaumiane" na kikao kingeishia hapo. Nikasema, "Kona ilikuwa ngumu, sawa. Mlio ndani ya boksi mlikuwa mnaona nini wakati ule?" Watatu wakaanza kusema kwa pamoja. Kumbe hakuna aliyejua nani anamkaba nani, kila mmoja alidhani namba tano yao ana mtu tayari. Aliyenyooshewa kidole akasema mwenyewe, "Nilikuwa naye, halafu nikautazama mpira." Alisema kwa sauti ya kawaida tu. Wakachagua kubeba kona kwenda Jumanne. Jumanne tukaanza na kona dakika 15, kila mtu anataja kwa sauti namba ya anayemkaba kabla mpira haujapigwa.

Yaliyonishinda: dakika zilikuwa tisa, si tano. Na wawili hawakusema neno. Mmoja ndiye yule kipa wa zamani, ambaye sasa anacheza winga ya kulia.

---

MzeeWaKoni

Lile swali la "mlikuwa mnaona nini" ni zuri kuliko langu, nitalichukua. Kidole kikinyooshwa, mimi huwa narudisha kwenye wakati, lakini wewe umerudisha kwenye macho yao, na ndiyo maana yule mtoto aliweza kusema la kwake bila kusukumwa.

Wasiosema usiwaite kwa majina ndani ya duara. Mara nyingi mtoto mkimya anasikiliza kuliko anayeongea. Mpe kazi baada yake, kukusanya mipira na wewe au kubeba begi, na umwulize swali lile la tatu peke yake. Wengine hunijibu hapo. Wengine hunijibu baada ya miezi. Nina mmoja hajawahi kunijibu na haachi kuja mazoezini.

Ila kama mtoto anaendelea kulia siku nyingi, halali vizuri, au anaumwa tumbo kila siku ya mechi, hilo limevuka duara letu. Zungumza na wazazi mapema, wamtafutie mtu anayejua zaidi.

---

NambaSita

Kocha, hizo dakika tisa na kidole kilichonyooshwa ndivyo vinavyonitisha. Kwa wangu wa miaka 15 yule aliyenyooshewa kidole angesimama. Nitajaribu nusu tu: mwili, sentensi moja, na lile swali la kwanza siku ya mechi. La pili na la tatu yasubiri Jumatatu. Nitaleta majibu.

---

MzeeWaKoni

Lete, nami nataka kujua. Kwa umri huo hata mimi sina uhakika.

---

KochaWaJioni

Mzee, nimejaribu la kukusanya mipira na winga wangu leo. Nilimwuliza angependa tubebe nini kwenda Jumanne. Akasema kipa mpya hapigi kelele kwenye kona, na kutoka kule winga anaona mtu aliyeachwa wazi lakini sauti yake haifiki. Nikamwuliza kama angependa kumwambia mwenyewe. Akasema atafikiria.

Golini hajataka kurudi, na mimi sijamwuliza.